Kipeperushi cha sonona kwa Kikannada: tulichokiacha na tulichokibadilisha

Nilikuwa Mysuru, kusini mwa India, nikisomea afya ya jamii, nilipopewa kazi ya kuratibu kipeperushi cha kupima dalili za sonona. Kilikusudiwa vituo vya afya vya taluka moja nje ya jiji. Taluka ni ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya. Lugha ya huko ni Kikannada, na changu ni cha sokoni na cha kwenye basi, kwa hiyo walioandika ni muuguzi wa afya ya akili na mwalimu wa shule, wote wenyeji wa huko. Mimi nilikuwa wa kuuliza, kulinganisha matoleo na kuhakiki kila tunachomwambia msomaji.

Kabla ya kuandika chochote tulikubaliana kwanza tusiguse nini. Kiini cha kipeperushi ni PHQ-9, dodoso la maswali tisa kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Toleo la Kikannada lilikuwapo tayari, na dodoso lenyewe linaruhusiwa kunakiliwa bila malipo. Mwalimu alitaka kulainisha maswali mawili matatu yaliyomkwaruza sikio, na kwa upande wa lugha nilimwelewa. Ila alama za dodoso hili zina maana kwa sababu watu wote huulizwa maneno yaleyale. Ukilipoza swali, wengi zaidi watajibu ndiyo. Ukilikaza, watapungua, na 10 ya kwenu haitakuwa tena 10 ya daktari atakayeipokea karatasi. Maswali yakabaki yalivyo. Tukaelekeza nguvu zetu kwenye kichwa, utangulizi, maana ya alama, na sehemu ya wapi pa kwenda.

Rasimu ya Kiingereza tuliyopewa ilisema kwamba mwenye alama 10 au zaidi ana sonona. Hapo niligoma. Utafiti wa mwaka 2001 uliolitambulisha dodoso hili ulionyesha kwamba mpaka wa 10 huwanasa asilimia 88 ya wenye sonona kubwa, na huwaacha salama asilimia 88 ya wasio nayo. Ukisikia hivyo unaona ni kipimo kizuri, na ni kizuri kweli. Lakini chukua watu 100 wa kijijini, tuseme 10 kati yao wana sonona. Dodoso litawanasa kama 9. Kati ya wale 90 wasio nayo, 11 hivi nao watavuka mpaka, labda kwa sababu ya msiba, upungufu wa damu au mtoto mchanga asiyelala. Kati ya watu 20 wenye alama 10 na kuendelea, zaidi ya nusu hawana ugonjwa huo. Kuwaambia wote kwa maandishi kwamba ni wagonjwa ni kuwapa jina ambalo nyumbani halifutiki. Tukaandika kwamba alama hizo zinaonyesha umekuwa na wakati mgumu, na kwamba inafaa daktari akusikilize ajue sababu.

Kwenye maneno, matusi ya wazi hayakutusumbua. Hakuna ambaye angeandika “tale kettide”, yaani kichwa kimeharibika, jinsi watu wanavyosemana mitaani. Shida ilikuwa kwenye maneno ya heshima. Neno la magazeti na madaktari kwa sonona ni “khinnate”, na akina mama tuliowasomea kijijini walilipita kama jina la kigeni. Wao husema moyo una “besara”. Ila besara ni pana: humo mna huzuni, kuchoka na mambo, hata kukosa la kufanya mchana, na kila mtu anayo. Kichwa cha kipeperushi kikawa swali: je, besara imekaa nawe wiki mbili, na usingizi, chakula au kazi vimebadilika? Khinnate tuliliweka mara moja tu, ndani, kwenye sentensi inayosema hivi ndivyo daktari anavyoweza kuiita hali hii, ili mtu asishtuke akilisikia hospitalini. Pia tuliondoa kila mahali palipomwita msomaji mgonjwa wa akili. Msomaji bado ni mtu anayejaza karatasi.

Swali la tisa ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote. Linauliza ni mara ngapi katika wiki hizo mbili mtu amewaza kwamba heri afe, au kujidhuru. Wengi huko husomewa karatasi na mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye huitwa ASHA, na mara nyingi husomewa barazani huku mama mkwe akiwa pembeni. Kwenye majaribio, mama mmoja alijibu manane bila tabu. Lilipofika la tisa akaweka kiganja juu ya karatasi na kumuuliza mhudumu, “Akka, hii nani ataiona?” Akka ni dada mkubwa. Mhudumu alimjibu vizuri, lakini nilijua jibu la pale haliwezi kuaminiwa, kwa sababu tayari watu watatu walikuwa wamesikia swali.

Kwa kuwa swali hatukuweza kuligusa, tulibadilisha yanayolizunguka. Juu yake pana mstari unaomwelekeza mhudumu asilisome kwa sauti. Amkabidhi mtu karatasi na kalamu, na kwa asiyejua kusoma, wasogee faragha kwanza. Chini yake pana maelezo kwamba jibu lolote zaidi ya 0 linatosha kumwona mhudumu wa afya siku hiyohiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo. Kwenye maelezo hayo tulikwepa “atmahatye”, ambalo lina “hatye”, mauaji, ndani yake, tukatumia maneno ya kawaida ya kuhisi heri kufa. Na kwa kuwa watu wanaogopa polisi, tuliongeza pia kwamba kuyasema mawazo hayo si kosa.

Sehemu ya wapi pa kwenda, rasimu iliandika tu “muone daktari bingwa wa akili”. Hospitali ya taluka haikuwa na bingwa wa kila siku. Karnataka, jimbo lenye Mysuru, ina mpango uitwao Manochaitanya, ambao hupeleka bingwa kwenye hospitali za taluka siku za Jumanne. Mtu anayefika Alhamisi akaambiwa hayupo, nauli imeondoka na huenda asirudi. Tukaandika siku, saa na mlango, na kwamba siku nyingine daktari wa kituo cha afya cha jirani anaweza kuanza naye.

Nilikwenda mwenyewe kuona mapokezi. Karani huuliza shida yako ndipo akupe “chiti”, kile kikaratasi cha kumwonea daktari, na foleni nzima inasikia. Kipeperushi kikasema unaweza kumwambia karani “nidre bartilla”, usingizi haunijii, na yaliyobaki ukayasema ndani. Muuguzi alikubali mara moja, kwani ndivyo wagonjwa wake wengi wanavyoanza hata wakiwa na daktari.

Kwa usiku na kwa walio mbali tuliweka Tele MANAS, huduma ya serikali ya ushauri wa simu iliyoanza Oktoba 2022: namba 14416, bure, saa 24, na Kikannada kimo. Mwalimu aliijaribu usiku kwa simu ndogo ya vitufe mpaka akaongea na mtu, ndipo tukaichapa kwa herufi kubwa. Kwa hatari ya papo hapo tuliweka 108, gari la wagonjwa, na ombi kwa familia wasimwache mtu peke yake.

Ratiba ya Jumanne na mlango tuliviachia kisanduku cha kujaza kwa kalamu, kwa sababu madaktari huhamishwa. Pembeni pana tarehe ya uhakiki. Nakala iliyopitisha miezi sita hurudishwa kituoni, na muuguzi hupiga namba zote upya kabla ya kujaza nyingine.