Jukwaa lilivyokuwa likishuka kwa kugongagonga

Karakana ninayofanyia kazi Nakuru ina jukwaa la kupandishia trekta, la silinda moja inayosukumwa na mafuta pande zote mbili. Kupanda lilipanda vizuri. Lakini likishuka na trekta juu lilishtuka na kugonga mfululizo, hadi boliti za chini zikaanza kulegea. Likiwa tupu lilitetemeka kidogo tu.

Mwenye karakana aliniambia, "Fundi, legeza ile skrubu ya valvu, itanyamaza." Nilikataa. Valvu hiyo, kaunta balansi, ndiyo inayozuia mafuta ya chini ya pistoni yasitoke mpaka yaruhusiwe. Imefungwa kwenye silinda yenyewe, ili hata mpira wa mafuta ukipasuka trekta ibaki juu. Ukipunguza nguvu ya springi yake, kelele huenda ikapungua, lakini mzigo nao utaanza kuteremka wenyewe. Geji ilionyesha kwamba trekta nzito kuliko zote inaleta presha ya bar 120 chini ya pistoni. Kawaida valvu hupangwa ifunguke kwenye mara 1.3 ya hiyo, yaani bar 156, na ndivyo ilivyokuwa.

Nilikinga jukwaa kwa nguzo za chuma, nikatoa hewa kwenye mabomba ya mafuta. Halikubadilika. Ndipo nikaweka geji ya pili upande wa juu wa pistoni, ule unaopokea mafuta wakati wa kushuka. Presha ya huko hupita kwenye njia ndogo ya pailoti na kuifungua valvu. Mshale ulicheza: unapanda, unaanguka sifuri, unapanda tena, sawa kabisa na mapigo ya jukwaa.

Hapo nikaelewa. Valvu ilishabadilishwa zamani, na ya sasa ilikuwa na uwiano wa pailoti wa 10 kwa 1, yaani bar 1 ya pailoti inaisukuma sawa na bar 10 za mzigo. Mzigo wenyewe wa bar 120 unaifikisha karibu na kufunguka, zimebaki bar 36 tu kufika 156. Gawanya kwa 10, pailoti haihitaji hata bar 4. Basi presha kidogo inaifungua wazi, trekta inaporomoka haraka kuliko pampu inavyojaza upande wa juu, presha ya pailoti inapotea, valvu inajifunga ghafla, kisha mchezo unaanza upya. Trekta ikiwa nyepesi pengo ni kubwa zaidi, ndiyo maana jukwaa tupu lilikuwa na afadhali.

Niliagiza ya 3 kwa 1, nikaipanga bar 156 ile ile. Sasa pailoti inataka kama bar 10, si 12 za kugawanya 36 kwa 3, kwa sababu msukumo wa upande wa juu nao huongeza presha ya chini. Mshale umetulia, trekta inashuka kama maji ya mtungi. Gharama yake ni kwamba pampu inafanya kazi zaidi wakati wa kushuka na mafuta yanapata joto kidogo. Kwa jukwaa linaloshuka mara sita kwa siku, nimelikubali joto hilo.