Pumzi ilikuja, kasi ikaondoka: nilivyoirudisha

Mimi nakimbia mita 100, na ushauri ulionikera kuliko wote ni huu: "Jenga pumzi kwanza, kasi itakuja yenyewe." Kocha mmoja alinishikisha hapo msimu mzima, kilomita juu ya kilomita. Pumzi nilipata. Ila nikiwekwa kwenye mstari, watu niliozoea kuwaacha wakawa wananiacha mimi.

Sababu iko kwenye nyuzi za misuli. Mwili huanza kuziita nyuzi za polepole, zenye damu na oksijeni ya kutosha, zisizochoka upesi. Nyuzi za kasi huitwa mwisho, pale nguvu kubwa inapohitajika. Ukikimbia taratibu, nyingi ya hizo zinabaki zimekaa tu, na mazoezi marefu yakizidi, zenye kasi kabisa hupunguza ukali wake.

Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni kwa saa 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, kila mita 100 ilimchukua kama sekunde 17, mfululizo. Hiyo ni kazi ya nyuzi za polepole. Usain Bolt alipokimbia 9.58 mwaka 2009, alifika kasi yake ya juu kati ya mita 60 na 80, kisha ikaanza kushuka kidogo kabla ya utepe. Hata yeye! Nyuzi za kasi hutegemea akiba ya nishati inayopungua vibaya ndani ya sekunde chache, na kuijaza tena huchukua dakika kadhaa.

Hapo ndipo nilipopatia. Niliweka koni mbili, mita 30 kati yake, nikaacha mita 20 za kuchanganya mwendo kabla ya koni ya kwanza. Rafiki alinirekodi kwa simu, tukahesabu muda kutoka kwenye video, maana kidole kwenye saa hukosea. Nikipita kwa sekunde 3.4, napumzika dakika nne au tano kabla ya kurudia. Wanaopita wananiona mvivu; waache. Muda ukifika 3.5, nafunga kazi, hata kama pumzi bado ninayo. Mguu unaanza kukanyaga kwa kishindo badala ya kudunda, na kurudia tena hapo ni kufundisha misuli mwendo wa kuchoka.

Squati nzito nilifanya pia, marudio machache, siku ileile ya kasi ili kesho yake iwe ya kupumzika kweli.

Usitegemee nyuzi za polepole zigeuke kuwa za kasi. Hilo ni gumu mno, maana mgawanyo wa nyuzi hizo kwa sehemu kubwa umezaliwa nao. Mabadiliko mengi hutokea ndani ya zile za kasi zenyewe. Mazoezi mazito huzivuta kidogo kuelekea uvumilivu, na ukipunguza mzigo zile kali huanza kurudi. Ndiyo maana siku za mwisho kabla ya shindano mimi nafanya mbio chache tu za mita 30, na squati naziacha kabisa.