Chupa ya usiku

Mwanangu wa miezi kumi kaota meno ya juu, na usiku hataki kulala bila chupa ya maziwa mdomoni. Bibi yake ananiambia, "Mwachie tu, atalala." Lakini akisinzia mate hupungua, na maziwa yanagandia kwenye meno. Basi namnywesha kwanza, namswaki kwa dawa kiasi cha punje ya mchele, ndipo alale. Akidai chupa tena, maji matupu. Analia, wee!

Asubuhi namwinua mdomo wa juu: naangalia mstari mweupe kama chaki kando ya fizi, maana kuoza huanza hivyo kabla ya weusi. Fizi zikimsumbua, anatafuna kitambaa safi chenye maji, kilichopozwa kwenye friji. Homa kali au kuharisha sisingizii meno, nampeleka kliniki.