Dodoma hadi Iringa, kwa Njia ya Wapagazi

Kwenye basi la Dodoma kwenda Iringa, kondakta alikuwa akipanga mifuko ya unga chini ya viti. Mmoja ulizuia njia, nikamsaidia kuuinua. Ni mfuko wa kawaida wa dukani, kilo 25. Nilipouweka begani, nikajua ndio uzito niliokuwa nimeufuata kwa safari hii, maana mpagazi wa vita ya 1914 hadi 1918 alibeba takriban huohuo kichwani, juu ya ngata, na vitu vyake mwenyewe juu yake.

Waingereza waliichukua Dodoma kutoka kwa Wajerumani Julai 1916, na mwezi uliofuata wakaingia Iringa. Tatizo likawa kuwalisha askari waliotangulia. Faida ya Reli ya Kati iliishia Dodoma. Kusini mwake hakukuwa na reli. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mikokoteni walikufa kwa maelfu katika vita hiyo, kwa sababu mbung'o waliwaambukiza nagana. Magari yalikuwepo, lakini mvua ikinyesha yalizama kwenye tope. Kilichobaki ni vichwa vya watu.

Tukapita Mlowa na Fufu, mibuyu pande zote, ardhi nyekundu na kavu. Nikatoa daftari nikapiga hesabu. Barabara ya leo ni kama kilomita 260. Mtu aliyejitwika mzigo, njia ikiwa nzuri, alikwenda kama kilomita 20 kwa siku. Basi ni siku 13 kwenda, na 13 kurudi mikono mitupu. Posho yake ilikuwa karibu kilo moja ya unga kwa siku, yaani kilo 26 kwa safari nzima. Angekula kutoka kwenye mzigo wake, angemaliza kilo zote 25 na bado angekosa chakula cha siku ya mwisho. Askari wa Iringa asingepata hata punje.

Maofisa walijaribu kuigawa njia vipande, kila kundi likibeba mwendo wa siku moja hadi ghala linalofuata na kurudi. Hilo liliwapunguzia watu uchovu, ila hesabu haikubadilika, kwani kila kipande kilikuwa na midomo yake. Ilibidi chakula kitoke kando ya njia, na kando ya njia waliishi Wagogo.

Kuanzia Chipogoro nilikaa na mzee mmoja wa huko. Nilipomuuliza kama alisikia habari za vita ile, hakutaja bunduki. "Bibi yangu alizungumzia Mtunya," akasema. "Walichukua mtama, walichukua ng'ombe, halafu wakachukua na wanaume wa kulima." Mtunya ndiyo njaa iliyoikumba Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920. Ukame ulichangia, lakini hesabu ile ya kilo 26 nayo imo ndani yake, na sioni namna ya kuitenganisha.

Mtera tulivuka juu ya bwawa. Siku zile Ruaha Mkuu ulipita hapa bila ukuta wowote, na mvua za mwanzoni mwa 1917 zilikuwa kubwa kupita kiasi. Mto ulifurika, njia ikawa maji. Wakati kama huo, ndipo chakula kilipogeuka kuwa sumu. Unga wa mahindi ulisagwa ovyo ovyo, una chenga, unahitaji kuchemshwa muda mrefu. Mtu anafika kambini jioni, kuni zimelowa, sufuria moja inasubiriwa na wengi. Anakula ugali nusu mbichi. Waliozoea ndizi, kama watu wengi wa Uganda, waliumia zaidi. Dalili ya kwanza ilikuwa kuhara, kisha damu, kisha mtu hawezi kunyanyua mzigo, na mnyapara anamwona mvivu. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa wanakadiriwa kupita 95,000, na wengi mno waliuawa na maradhi, si risasi.

Baada ya Migori na Izazi, basi lilianza kupanda Nyang'oro kwa gia ya chini. Injini ilinguruma muda mrefu, na nilizidi kuwafikiria waliopanda huku shingo zimebeba kilo 25.

Iringa nilikwenda makaburi ya vita. Yamefagiliwa vizuri, na mawe yana majina. Wapagazi hawana mawe ya namna hiyo, maana wakuu wa kikoloni waliona kumpa kila mmoja kaburi ni kupoteza fedha. Mwaka 2021 tume inayosimamia makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika wa Afrika Mashariki hawakukumbukwa sawa na wengine. Ni vyema wamekiri. Lakini kwa wapagazi wa Kenya lipo deni jingine: mishahara ya waliokufa ambayo ndugu zao hawakuipokea, na ambayo serikali ya Uingereza ilikataa kuitoa.