Kikokotoo kilikataa pembe ya oda ya 3: jinsi nilivyotatua

Greti ya difraksheni ilikuwa na mistari 600 kwa milimita, mwanga wa sodiamu wa nm 589 ukiipiga wima. Oda ya 1 na ya 2 zilitoa pembe vizuri. Ya 3, kikokotoo kiliandika kosa. Nilibadilisha digrii kwenda radiani, nikarudia hesabu, hola.

Kilichosaidia ni kuacha pembe kwanza na kutazama sine yenyewe. Nafasi kati ya mistari, d, ni mm 1 ÷ 600, yaani nm 1667. Kutoka `d sin θ = nλ`:

n = 1: sin θ = 0.353, θ = 20.7°
n = 2: sin θ = 0.707, θ = 45.0°
n = 3: sin θ = 1.06

Sine haizidi 1, kwa hiyo oda ya 3 haipo kabisa; kikokotoo kilikuwa sahihi. Siku hizi naanza na d ÷ λ = 2.83, kisha nakata desimali: inayobaki, 2, ndiyo oda ya juu kabisa. Hapa ndipo penye mtego: mkono umezoea kukadiria 2.83 kuwa 3, ila hata 2.99 ingebaki 2. Kwenye skrini utahesabu mistari 5 angavu: wa katikati, na 2 kila upande.