Siku yangu kati ya jiko la mkaa na kitambaa cha marekani

Saa 10:20 alfajiri. Soko la Kiborloni hapa Moshi bado giza, lakini wauza mitumba wameshaanza kukata kamba za marobota kwa mwanga wa tochi za simu. Hao ndio wateja wangu wa kwanza, na wakikosa kahawa saa 11:00 wanahamia kwa jirani anayeuza chai. Kibanda changu hakina umeme. Nina majiko mawili ya mkaa, sufuria ya lita 5, chupa mbili za chai, na chujio nililoshona mwenyewe kwa kitambaa cha marekani, umbo la soksi fupi, mdomo wake umeshonewa kwenye duara la waya lenye mpini.

Jiko naliwashia nje, mbali na turubai, kwa sababu hewa ya mkaa unaoanza kushika inaua na haina harufu ya kukuonya. Nawashia vibanzi vikavu, mafuta ya taa sigusi. Harufu yake hukaa kwenye mkaa, ikapanda na moshi, ukaikuta kikombeni. Hata kipande kimoja ambacho hakikuiva tanurini, ambacho bado kina ukuni ndani, kinatosha kuharibu. Napepea kwa kipande cha boksi, halafu nasubiri moshi uishe kabisa na makaa yavae majivu meupe. Hapo ndipo sufuria inapanda, na mfuniko juu.

Saa 10:50. Maji lita 3 yanachemka. Yakisubiri, nimeshapima kahawa kwa kopo dogo la nyanya ya kopo. Kopo moja lenye kilima juu nililipeleka zamani kwenye mzani wa muuza nafaka, likasoma karibu gramu 30, kwa hiyo makopo sita ni gramu 180, yaani gramu 60 kwa kila lita. Kahawa yenyewe inatoka kihambani kwa mama, Kibosho. Naikaanga mwenyewe na kuitwanga kwenye kinu.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Kazi ya jiko inaishia kwenye maji. Yakishachemka naiepua sufuria, naiweka chini juu ya kipande cha ubao, nasubiri mapovu yatulie, ndipo namwaga kahawa na kukoroga mara moja hadi unga wote ulowe. Nafunika, naangalia saa ya mkononi. Dakika nne. Sirudishi sufuria motoni hata kama asubuhi ina baridi. Mzee mmoja wa Tanga aliwahi kunicheka kwamba kahawa isiyochemshwa si kahawa. Kwao iko kwenye mdila, inachemka na tangawizi, inanywewa kwenye kikombe cha kushika kwa vidole viwili, na kashata pembeni. Ni tamu hivyo hivyo kwa namna yake. Lakini wateja wangu wanakunywa kikombe cha robo lita, na kahawa iliyochemshwa kwa ukubwa huo inakwaruza koo.

Unapofunua baada ya dakika nne unakuta unga umeelea juu kama ukoko. Nauvunja kwa mwiko, unaanza kuzama. Nasubiri kama dakika moja utulie chini, kisha namimina polepole kwenye chujio, maji maangavu kwanza, machicha mwisho. Chupa ya chai nimeshaisuuza kwa maji ya moto, vinginevyo inaiba joto la kikombe cha kwanza. Machicha hubaki na kama theluthi moja ya lita, kwa hiyo kwa lita 3 napata vikombe kumi vya shilingi 500 na kidogo changu mwenyewe.

Saa 2:10 asubuhi. Mzunguko wa pili. Napika mara tatu kwa siku badala ya kujaza chupa zote alfajiri, kwa sababu kahawa ikikaa kwenye chupa zaidi ya saa mbili inapoa ladha na kuanza uchachu. Kuipasha tena ndiyo kabisa, heri uimwage.

Saa 2:40. Mangi mmoja muuza viatu, mteja wa kila siku, anarudisha kikombe nusu. "Dada, leo umeunguza."

Nikaonja. Kweli, chungu, na inakausha ulimi. Mkaa ulikuwa safi, kipimo kile kile, dakika nne nimezihesabu. Nikakumbuka kitu kimoja: wakati wa kuchuja nilipata nafasi ya kuhudumia watu wawili na kurudisha chenji. Kwa kawaida lita 3 zinapita kwenye kitambaa kwa dakika tatu hivi. Leo nadhani zilifika nane. Na hapo ndipo uchungu ulipoingia, maana kahawa inayosubiri zamu yake sufuriani bado imelala juu ya machicha, inaendelea kuiva. Muda wa kuchuja nao ni muda wa kupika. Saa yangu ilikuwa sahihi ila niliisimamisha mapema.

Nikamimina maji safi kwenye chujio tupu. Marekani nzima huyapitisha papo hapo. Hii ilidondosha tone, tone. Imeziba.

Sababu mbili. Jana mpwa wangu ndiye aliyetwanga, na kijana ana nguvu, amepitiliza hadi ikawa vumbi. Vumbi hilo linatoa uchungu haraka, na lenyewe ndilo linalojaa kwenye nyuzi. Halafu jioni nilisuuza kitambaa upande wa ndani tu. Nilishawishika kukikamua ili chupa ijae haraka, nikajizuia, kwa sababu ukikamua unasukuma vumbi lote kwenye kahawa.

Chupa nzima nikaimwaga. Mangi nikamwekea kikombe kingine bila malipo kutoka mzunguko mpya, uliochujwa kwa kitambaa cha akiba, baada ya kuichekecha kahawa ya kutwangwa iliyobaki kwa chekeche la unga kupunguza vumbi. Dakika nne sufuriani, moja ya kutulia, tatu za kuchuja. Akanywa akiwa amesimama, akaondoka bila kusema neno. Kwa Mangi hiyo ni sifa.

Saa 4:30, mzunguko wa tatu, haukuwa na habari. Mchana joto linapanda na watu wanataka soda.

Saa 9:00 alasiri. Natumia makaa yaliyobaki kukaanga ya keshokutwa. Kahawa iliyokaangwa leo naiacha ilale usiku mmoja kabla ya kuitwanga, kwani iliyotoka tu kukaangwa inatoa povu jingi sufuriani na haizami kwa wakati.

Saa 11:00 jioni, nyumbani. Kitambaa kilichoziba nakigeuza nje ndani, nakichemsha kwenye maji matupu dakika kumi. Maji yanatoka rangi ya chai. Nayabadilisha, nachemsha tena. Sabuni hapana. Niliwahi kumwachia mtu kazi hiyo, akafua kwa sabuni ya unga kwa nia njema, na wiki nzima kahawa ilinukia shuka. Kukianika juani pia sikushauri, mafuta ya kahawa yaliyobaki kwenye nyuzi yanachacha, unapata harufu ya karanga za zamani. Marekani mpya nayo huchemshwa kabla ya kazi, itoke wanga wa kiwandani.

Namimina kikombe cha maji katikati yake juu ya beseni. Yanapita moja kwa moja. Nakizamisha kwenye kopo la maji safi, nafunika, naweka juu ya kabati ambako paka hafiki. Kahawa ya kesho naitwanga mwenyewe.