Mwanangu alipata mzio wa karanga kabla hajaila

Kijana wangu alionjeshwa uji wa lishe wenye karanga akiwa bado ananyonya. Haukupita muda midomo ikavimba, vipele vikamtoka shingoni, akatapika, kisha akaanza kukoroma kifuani. Zahanati walimchoma adrenalini kwenye msuli wa paja, nje, na pumzi ikarudi. Walitubakiza kwa saa kadhaa, maana hali hiyo huweza kurudi dawa ikiisha nguvu.

Kilichonisumbua ni hiki: mzio huhitaji mwili uwe umeshakutana na kitu chenyewe, na mtoto hakuwahi kula karanga. Mwili wake uliijulia wapi?

Daktari wa watoto alinionyesha mikunjo ya viwiko vyake. Alikuwa na pumu ya ngozi tangu akiwa mchanga, ngozi imekauka na kupasuka. Nyumbani kwetu karanga zinatwangwa kila wiki kwa ajili ya kisamvu, na unga wake hukaa mikononi, kwenye kanga, hata kwenye mashuka. Protini za karanga zilipenya kwenye michubuko ile. Kinga ya mwili ikikutana na kitu kigeni kwenye ngozi iliyopasuka hivyo, hukichukulia kuwa mvamizi, ikatengeneza kingamwili aina ya IgE, zilezile zinazosaidia kupigana na minyoo. Kingamwili hizo hujishikiza kwenye seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta uvimbe na muwasho, kama mitego iliyotegwa ikisubiri. Siku ya uji ilinasa yote kwa pamoja: histamini ikamwagika, mishipa ikavuja, njia ya hewa ikabana.

Utumbo hufanya kinyume. Chakula kinachoingia mapema kwa njia ya mdomo huufundisha mwili kukivumilia. Profesa Gideon Lack na wenzake wa London walilithibitisha hilo mwaka 2015: kati ya watoto wachanga zaidi ya 600 waliokuwa katika hatari kubwa, wale waliolishwa karanga mapema walipatwa na mzio wake kwa takriban asilimia 80 pungufu kuliko walioziepuka, walipofika miaka mitano.

Basi mdogo wake alipozaliwa, naye akiwa na ngozi hiyohiyo, nilimpaka mafuta mazito mara tu baada ya kuoga, na vipele vikizidi nilitumia krimu aliyoandika daktari. Kabla ya kumlisha karanga alipimwa kwanza kwa kuchomwa kidogo kwenye ngozi. Hakukuwa na uvimbe. Tulianza na siagi ya karanga iliyolainishwa kwa maji ya moto, ncha ya kijiko, tukisubiri na kumtazama. Sasa anakula vijiko viwili vya chai, mara tatu kwa wiki, na nisingependa aache.

Kaka yake hagusi karanga kabisa, na sindano ya adrenalini inakwenda naye kila aendako, kwa sababu vidonge vya mzio huondoa muwasho tu, havifungui koo. Mdogo akimaliza kula tunamnawisha kwa sabuni, maana maji matupu hayatoi protini ile vizuri.